Mbegu hazijaota? Andaa orodha ya matukio kabla hujaandika malalamiko

Leo tunaongea karatasi. Najua wengi hamuipendi mada hii, ila kila msimu wa kupanda napokea simu ya aina moja: "Bwana shamba, nimeuziwa mbegu mbovu, nimepanda, hazijaota. Nifanye nini?" Nikiuliza alinunua lini, najibiwa "kama wiki tatu hivi zilizopita". Nikiuliza mfuko wa mbegu uko wapi, najibiwa kuwa umechomwa. Hapo hata kama haki ni yake, kuipata ni kazi.

Malalamiko ya mbegu hupelekwa TOSCI, taasisi ya kudhibiti ubora wa mbegu yenye makao makuu Morogoro. Nakala nzuri kumpa afisa kilimo wa halmashauri yako. Barua yenyewe haihitaji kuwa ndefu, ukurasa mmoja unatosha. Kinachoibeba ni kiambatisho cha kwanza: orodha ya matukio yenye tarehe, kiasi cha fedha na mawasiliano ya kila mhusika. Tuione inavyoandaliwa, kwa mfano wa mahindi.

Anayesoma anatafuta nini

Jiweke kwenye kiti cha mkaguzi. Hakujui, shamba lako hajalifika, na muuzaji naye ana maelezo yake. Akishika karatasi yako anatafuta majibu ya maswali matatu. Je, mbegu iliyopandwa ndiyo ile iliyonunuliwa kwa muuzaji huyu? Je, ilipandwa inavyotakiwa, au kuna sababu nyingine ya kutoota? Na je, mkulima amepoteza nini hasa, na muuzaji aliambiwa lini?

Swali la pili ndilo vijana wengi hulisahau. Mahindi yanaweza kukosa kuota hata kama mbegu ni nzima. Ukifukia chini sana, mche unaishiwa nguvu kabla ya kufika juu. Ukipanda kwenye udongo mkavu halafu mvua ikakata, mbegu inakaa tu. Maji yakituama, inaoza. Mbolea ya kupandia kama DAP ikigusana na mbegu, inaiunguza. Kuna panya, mchwa na ndege pia. Na kuna mbegu iliyokaa siku nne kwenye buti la gari juani kabla ya kupandwa. Muuzaji akijitetea atataja mojawapo ya hayo. Orodha yako inatakiwa iwe imeshajibu kabla hajasema.

Kila tukio liwe na vitu vitano

Chukua daftari au simu, kila tukio lipe namba. Kisha andika: tarehe na saa, kilichotokea kwa sentensi moja au mbili, kiasi cha fedha kama kipo, nani alihusika, na ushahidi wake ni kiambatisho namba ngapi.

Majina na namba za simu usiyarudie kwenye kila mstari. Weka orodha fupi ya wahusika mwishoni: jina kamili, kazi yake, namba ya simu, mahali anapopatikana. Kila mmoja mpe herufi, na kwenye matukio tumia herufi hiyo. Karatasi inasomeka vizuri, na ukikosea namba ya simu unarekebisha sehemu moja tu.

Tarehe andika kamili, pamoja na siku ya wiki. "Jumatano 4/12/2024" inajikagua yenyewe, maana ukikosea tarehe, siku haitalingana. Tukio usilolikumbuka vizuri usilikisie. Andika "kati ya tarehe 9 na 11 Desemba, kabla ya mnada wa kijiji". Tarehe moja ya kukisia ikigundulika si sahihi, hata zile za kweli zitaanza kutiliwa shaka.

Mfano: ekari 3 za mahindi

Huu ni mfano niliouandaa ili tuone orodha kamili ikoje. Mkulima ana ekari 3. Amenunua mifuko 13 ya mbegu chotara ya kilo 2, akapanda mifuko 12, yaani kilo 8 kwa ekari, mbegu moja kila shimo kwa nafasi ya sentimita 75 kwa 25. Mfuko mmoja umebaki haujafunguliwa. Wahusika ni M (muuzaji wa duka la pembejeo), J (jirani wa shamba), V (kibarua kiongozi) na U (afisa ugani wa kata).

1. Alhamisi 28/11/2024, saa 4 asubuhi. Nilinunua kwa M mifuko 13 ya mbegu ya mahindi ya kilo 2, kila mmoja shilingi 15,000. Jumla 195,000. Nililipa 150,000 kwa simu na 45,000 taslimu. Mifuko yote ina namba moja ya loti. Kiambatisho 1: risiti. Kiambatisho 2: ujumbe wa malipo ya simu. Kiambatisho 3: picha za mfuko, pande zote mbili, na lebo.

2. Kuanzia 28/11 hadi 4/12/2024. Mbegu zilikaa ndani ya nyumba, juu ya meza, kwenye mifuko yake iliyofungwa.

3. Jumanne 3/12/2024, usiku. Mvua kubwa ilinyesha. Asubuhi udongo ulikuwa umelowa hadi kina cha jembe.

4. Jumatano 4/12 na Alhamisi 5/12/2024. Tulipanda ekari 3 nikiwepo mwenyewe, na V pamoja na vibarua wake. Kina cha kama sentimita 5. DAP iliwekwa kwanza, ikafunikwa na udongo, ndipo mbegu ikawekwa. Malipo ya vibarua 75,000. Mfuko wa 12 ulibaki na mbegu kidogo, nikauhifadhi. Mfuko wa 13 haukufunguliwa. Kiambatisho 4: karatasi ya malipo iliyosainiwa na V.

5. Jumamosi 7/12/2024, mchana. Mvua ya wastani, maji hayakutuama shambani.

6. Jumamosi 14/12/2024, saa 3 asubuhi. Nilihesabu miche sehemu 5 za shamba, mita 10 za mstari kila sehemu. Mashimo 200, miche 86. Nilifukua mashimo 20 yasiyo na mche: 15 yalikuwa na mbegu iliyovimba na kuoza bila mzizi, 2 yalikuwa na mbegu iliyoliwa, 3 hayakuwa na kitu. Shamba la J, lililopandwa 4/12 kwa mbegu ya duka lingine, lilikuwa limeota mstari mzima. Kiambatisho 5: picha 8.

7. Siku hiyo hiyo, saa 11 jioni. Nilimpigia M simu, tuliongea dakika 4. Alisema nisubiri mvua nyingine. Kiambatisho 6: picha ya kumbukumbu ya simu.

8. Jumatatu 16/12/2024, saa 2 asubuhi. Nilimtumia M ujumbe wa WhatsApp na picha 4. Alijibu saa 6 mchana: "Nimeona dogo, ngoja niongee na kampuni." Kiambatisho 7.

9. Jumatano 18/12/2024. U alifika shambani, akahesabu upya, akaandika taarifa ya ukaguzi. Siku hiyo nilianza jaribio la uotaji kwa mbegu 100 za mfuko wa 12, pamoja na mbegu 100 alizobakiza J. Kiambatisho 8: taarifa ya U.

10. Jumatano 25/12/2024. Matokeo ya jaribio: mbegu zangu zimeota 41 kati ya 100, za J zimeota 94 kati ya 100. Kiambatisho 9: picha.

11. Alhamisi 26/12/2024, saa 5 asubuhi. Nilikwenda dukani kwa M. Alisema hawezi kurudisha fedha. V alikuwepo.

12. Ijumaa 27/12/2024. Nilinunua mifuko 12 ya mbegu nyingine duka tofauti, 180,000, nauli ya kwenda na kurudi 10,000, nikapanda upya. Vibarua 75,000. Mbolea ya kupandia sikurudia. Kiambatisho 10: risiti na karatasi ya malipo.

Ni hayo tu. Haifiki kurasa mbili, na hakuna mahali mkulima ametumia maneno "feki", "tapeli" au "amenidanganya". Ameandika alichoona, alichofanya, alicholipa na alichoambiwa. Hukumu amemwachia mwenye kazi yake.

Mambo ya kuangalia kwenye mfano huu

Tuanze na hesabu ya miche. Kusema "shamba zima halijaota" hakumsaidii mtu. Kwa nafasi ya sentimita 25, mita 10 za mstari zina mashimo 40. Ukipima sehemu 5 unapata mashimo 200, na miche 86 ni sawa na asilimia 43. Chagua sehemu hizo kwa kutawanya: pembe nne na katikati. Usiende pale palipo pabaya tu, maana afisa akija atapima kwingine na namba yako itakuumbua.

Kufukua mashimo ndiyo dawa ya lile swali la pili. Ukikuta mbegu kavu na ngumu, shida ni maji. Ukikuta shimo tupu au ganda tu, kuna mla mbegu. Ukikuta imetoa kichipukizi kikajikunja chini, angalia kina. Ukikuta imevimba na kuoza bila kutoa mzizi, wakati maji hayakutuama na jirani aliyepanda siku hiyo hiyo ameota, sasa mbegu yenyewe inaanza kutiliwa mashaka. Mkulima wa mfano hakuficha zile mbili zilizoliwa. Vizuri sana. Mtu anayeandika hata kisichomsaidia huaminiwa zaidi.

Jaribio la uotaji nalo lina mtego. Mkulima alitumia mbegu zilizobaki kwenye mfuko uliokwisha kufunguliwa, akauacha mfuko wa 13 ulivyo. Huo uliofungwa, wenye lebo na namba ya loti, ndio wa thamani kuliko vyote, kwa sababu hakuna anayeweza kusema umeuchanganya na mbegu za nyumbani. Usiufungue ili "uhakikishe". Uweke pakavu penye kivuli, umpe mkaguzi akiwa anaandika kuwa ameupokea. Jaribio lako la kitambaa kibichi ni dalili tu, majibu yanayotegemewa ni ya maabara. Ndiyo maana ni vyema kupima na mbegu nyingine pembeni: za jirani zikiota 94 kwenye kitambaa kile kile, maji yale yale na chumba kile kile, basi njia yako ya kupima haikuwa na shida.

Kama hukubakiza mfuko mzima, tunza mifuko mitupu yote pamoja na lebo. Bila namba ya loti, hata aliyezalisha mbegu hawezi kufuatiliwa. Msimu ujao, ukinunua mifuko mingi, acha mmoja wa mwisho bila kufungua mpaka uone uotaji. Ukiona zimeota vizuri, utautumia kurudishia mapengo.

Fedha: zilingane, na usihesabu mara mbili

Tazama tukio la 1. Risiti inasema 195,000, ujumbe wa simu unasema 150,000. Asiyejua atauliza 45,000 imetoka wapi. Mkulima amelieleza pale pale, hakusubiri kuulizwa. Ada ya kutuma iandike mbali, usiichanganye na bei ya mbegu.

Halafu kuna kosa ambalo hata watu makini hulifanya. Wanadai bei ya mbegu ya kwanza na bei ya mbegu ya pili kwa pamoja. Fikiria: kama mbegu ya kwanza ingeota, bado ungekuwa umeilipia. Ukirudishiwa 195,000 za kwanza, mbegu ya pili inakuwa ndiyo gharama yako ya kawaida ya msimu. Ukidai zote mbili unataka kulima bila kununua mbegu, na M atalisema hilo haraka sana.

Kwa hiyo kwenye mfano, dai lililonyooka ni hili: mbegu ya kwanza 195,000, vibarua wa kupanda mara ya pili 75,000, na nauli 10,000. Jumla 280,000. Kila shilingi ina karatasi au shahidi. Kwa nauli, andika tarehe, ulikotoka na ulikokwenda. DAP haimo, kwa sababu haikununuliwa tena.

Na mavuno yatakayopungua kwa kuchelewa kupanda? Hasara hiyo inaweza kuwa ya kweli, na inauma kuliko 280,000. Ila mwezi Desemba bado ni makadirio. Usiiweke katikati ya matukio. Iandike kwenye barua, kwa aya yake, na useme wazi kuwa ni makadirio. Ukivuna, ongeza tukio jipya lenye idadi ya magunia uliyopima.

Ushahidi wa kwenye simu

Siku hizi nusu ya ushahidi umo kwenye simu, na hapo ndipo unapoharibika kirahisi. Ukipiga picha ya skrini ya WhatsApp siku hiyo hiyo, juu ya mazungumzo inaonekana "Leo" badala ya tarehe. Subiri siku kadhaa upige tena tarehe ionekane, huku ukihakikisha hujafuta kitu. Na kama umemhifadhi muuzaji kwa jina la "Kaka Mbegu", picha haionyeshi ni nani. Fungua maelezo ya mtu huyo, namba yake ionekane, upige picha na hapo.

Picha za shamba zibaki kwenye simu iliyozipiga. Ukizituma kwa WhatsApp kama picha za kawaida, taarifa za ndani za tarehe na mahali zinaondoka. Na kabla ya kupiga, angalia kama tarehe ya simu yako ni sahihi.

Ujumbe wa malipo usifute. Una namba ya muamala, jina la aliyepokea, tarehe, saa na kiasi. Kama jina la aliyepokea si la duka, mfano ulilipa kwa namba ya mke wa muuzaji, liandike kwenye tukio na useme nani alikuelekeza kulipa hapo.

Mazungumzo ya simu na ya ana kwa ana hayaachi maandishi. Kwa hiyo ukimaliza kuongea, tuma ujumbe mfupi wa heshima: "Kaka habari, kama tulivyoongea leo saa 11 jioni, umesema nisubiri mvua nyingine kuhusu zile mbegu za tarehe 28/11. Nitakupa taarifa." Akijibu "sawa dogo", tayari una tarehe na kauli yake. Akinyamaza, angalau inaonekana ulimjulisha mapema, si baada ya miezi miwili.

Kabla ya kupeleka

Usisubiri malalamiko yaishe ndipo upande tena, mvua haitakusubiri. Ila usiguse shamba kabla halijahesabiwa na kuandikwa na afisa ugani. Mkulima wa mfano alikaguliwa tarehe 18, akapanda upya tarehe 27. Ukipanda juu ya mistari kabla ya ukaguzi, ushahidi umeufukia mwenyewe.

Mpe mtu mwingine asome orodha huku ameshika viambatisho. Akutajie namba ya tukio, wewe umwonyeshe karatasi yake. Tukio lisilo na karatasi si lazima lifutwe, ila andika nani alikuwepo, kama V kwenye tukio la 11, ukiwa umemwomba ruhusa ya kumtaja.

Peleka nakala, halisi baki nazo. Kwenye nakala yako omba mhuri wa kupokelewa na tarehe. Kisha hiyo nayo iandike: tukio la 13, tarehe, ofisi, jina la aliyepokea na namba ya simu ya kufuatilia. Orodha haifungwi siku ya kupeleka barua. Kila simu utakayopigiwa baada ya hapo ni mstari mwingine.

Ukiwa na tatizo la mbolea, njia ni hii hii, ila unakwenda TFRA. Viuatilifu ni TPHPA. Kinachobadilika ni cha kupima shambani: badala ya miche iliyoota, utaandika kipimo ulichochanganya, maji kiasi gani, na siku na saa uliyopuliza.

Kama bado hujapanda, anza leo na tukio la 1: piga picha ya risiti na mifuko ikiwa bado imefungwa.